Bembelezi isiyo na mshono: jinsi ya kutengeneza video ya mwezi na nyota inayojirudia

Video ya kumbembeleza mtoto haina mambo mengi: anga, mwezi, nyota zinazopita polepole na sauti ya mtu anayeimba. Ugumu wake wote uko mahali pamoja, pale inapofika mwisho na kuanza tena. Nyota zikiruka kidogo tu, au sauti ikikatika kwa nusu sekunde, mtoto aliyekuwa akisinzia hufumbua macho. Fundi wa nguo hupimwa kwa mshono wake, na video ya aina hii vilevile. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mshono huo: jinsi ya kuuficha kwenye picha, jinsi ya kuuficha kwenye sauti, na jinsi ya kuutafuta kabla watoto hawajakutafutia.

Mfano tutakaoufuata ni wa kituo kidogo cha kulelea watoto mtaani Umoja, hapa Nairobi. Watoto ni wa miaka miwili hadi minne, na hulala baada ya chakula cha mchana. Kuna runinga yenye tundu la fleshi, lakini hakuna intaneti ya kutegemewa, na hata ingekuwapo, mama mwenye kituo hataki tangazo la sabuni lipige kelele watoto wakiwa wameshafumba macho. Anachotaka ni faili moja ya nusu saa ndani ya fleshi. Tutaitengeneza kwa kompyuta ya kawaida na programu nne za bure: GIMP, Krita, Audacity na ffmpeg.

Tuseme jambo la umri mapema, kwa sababu linaamua jinsi ya kuchora. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano: wasiofikisha miaka miwili wasiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kwa hiyo picha yetu isiwe ya kumvuta mtoto aangalie. Iwe picha ambayo akigeuka upande wa pili hakosi kitu. Wachanga walio kwenye chumba hichohicho wachezewe sauti peke yake.

Kwanza hesabu, kisha kalamu

Wengi huchora kwanza, halafu wakatafuta urefu wa video baadaye. Hapo ndipo mshono unapoharibika, kwa sababu wimbo, mwendo wa nyota na idadi ya fremu kila kimoja kinaishia mahali pake. Vyote vitatu vinatakiwa kufika mwisho kwa pamoja, fremu kwa fremu.

Urefu ninaoupendekeza ni sekunde 64, na sababu ni hii. Video ya fremu 30 kwa sekunde ikienda sekunde 64 huwa na fremu 1920. Upana wa picha ya runinga ya kawaida ni pikseli 1920. Kwa hiyo nyota zikisogea pikseli moja kwa kila fremu, zitavuka upana wote wa picha na kurudi zilipoanzia video inapoisha, bila desimali yoyote. Mwendo huo ni wa pikseli 30 kwa sekunde, yaani nyota inachukua zaidi ya dakika moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kwa jicho la mtoto mwenye usingizi, huo ni mwendo mzuri.

Kwa nini fremu 30, si 25? Skrini nyingi za simu na runinga zinazouzwa leo hujichora upya mara 60 kwa sekunde. Thelathini inaingia mara mbili kamili ndani ya 60, lakini 25 haiingii sawasawa, na kitu kinachosogea polepole kwa mwendo mmoja ndicho kinachoonyesha kasoro hiyo haraka kuliko vyote. Nyota huonekana kama zinajikwaa.

Wimbo nao unaingia ndani ya 64. Chukua mwendo wa kupembeza, ule wa mapigo matatu matatu ambapo la kwanza ni zito na mawili ni mepesi. Weka mapigo 90 kwa dakika. Kila fungu la mapigo matatu litachukua sekunde mbili kamili, na mafungu 32 yatachukua sekunde 64. Usishtushwe na namba 90. Mwili hausikii mapigo yote 90, husikia lile zito linalokuja kila baada ya sekunde mbili, na huo ndio mwendo wa mtu anayemyumbisha mtoto mikononi.

Wimbo

Tunga wako, hata kama ni mistari minne ya "lala mwanangu, mwezi umetoka" kwa sauti tano tu. Ukitumia wimbo wa mtu mwingine utahitaji ruhusa yake, na hiyo ni kazi nyingine.

Kuna kanuni mbili za utunzi ambazo wimbo wa kawaida hauna. Ya kwanza, usipunguze mwendo mwishoni. Waimbaji hufanya hivyo bila kufikiri: mstari wa mwisho huvutwa, pumzi hushuka, kila mtu akajua kwamba wimbo umeisha. Kwenye video inayojirudia, kupunguza huko hufuatwa na mwanzo wenye kasi ya kawaida, na mtoto husikia kama gari lililokanyaga breki kisha likaondoka. Ya pili, acha mafungu mawili ya mwisho bila maneno. Hizo ni sekunde nne za mvumo mdomo ukiwa umefumba, au za kalimba peke yake. Zinampa mwimbaji nafasi ya kuvuta pumzi, na zinaufanya mstari wa kwanza uingie kama kawaida kila unaporudi.

Rekodi kwa simu, ukisikiliza mapigo 90 kwa dakika kwenye kisikizi cha sikio moja. Chumba chenye nguo nyingi na mapazia ni bora kuliko sebule tupu. Kelele za Nairobi zinazosikika mfululizo, kama ngurumo ya barabara kuu ikiwa mbali, zinavumilika. Usizokubali ni zile za mara moja: bodaboda inayopita, mbwa anayebweka, honi ya matatu. Katika wimbo wa kawaida honi moja husahaulika. Hapa itarudi kila baada ya sekunde 64, mara 28 ndani ya nusu saa, na kabla ya mara ya tano walezi wote watakuwa wanaingojea.

Sasa mshono wa sauti. Tatizo lake ni mwangwi. Ukiongeza mwangwi kidogo ili sauti iwe laini, mkia wa noti ya mwisho huendelea kulia baada ya sekunde ya 64. Ukikata pale, mkia unakatika ghafla, na mwanzo wa wimbo unasikika mkavu kwa sababu hauna mkia wa kitu kilichotangulia. Dawa yake ni hii, na inafanya kazi kila mara:

Fungua Audacity na uweke kasi ya mradi iwe 48000 Hz. Panga sauti yako ijaze sekunde 64 barabara, kisha inakili na uibandike nakala hiyo mara moja, mwisho wa ya kwanza ukigusana na mwanzo wa ya pili. Sasa una sekunde 128. Weka mwangwi juu ya zote mbili kwa pamoja. Halafu chagua nusu ya pili tu, kuanzia sekunde ya 64 hadi ya 128, uihifadhi kama WAV kwa jina la duara.wav. Mwanzo wa kipande hicho tayari umebeba mkia wa raundi iliyotangulia, na mwisho wake utapokewa na mkia uleule kikijirudia. Hakikisha kipande kina sampuli 3,072,000, yaani 64 mara 48000. Ikipungua au kuzidi, tofauti hiyo hujumlishwa kila raundi, na sauti na picha huachana polepole.

Isiwe MP3 katika hatua hii. MP3 huongeza kimya kifupi sana mwanzoni na mwishoni mwa faili, na kimya hicho hakionekani hadi uanze kurudia. AAC nayo ina tabia kama hiyo. Ndiyo maana tunarudia sauti ikiwa bado WAV, na tunaibana mara moja tu, mwishoni kabisa.

Mwisho, fungua duara.wav na uihifadhi tena baada ya kusawazisha ukubwa wake wa sauti kwa Loudness Normalization ukiweka -20 LUFS. Ni chini ya sauti ya muziki wa kawaida wa mtandaoni, na ndivyo inavyotakiwa iwe.

Anga na rangi

Rangi pole zina mtego wake. Waridi hafifu, samawati ya maziwa na zambarau ya lavenda zote zina mwanga mwingi ndani yake, na runinga ya inchi 40 iliyojaa waridi hafifu huangaza chumba kama taa. Basi zitumie kwa kipimo. Sehemu kubwa ya anga iwe rangi iliyotulia, na zile nyepesi zikae chini kwenye upeo na juu ya mwezi. Mimi hutumia #3B3F6B juu kabisa, ikishuka hadi #8E86B5 karibu na chini, na utepe mwembamba wa #E8C7CF pale mbingu inapokutana na ardhi. Nyota ziwe #FFF3D6. Nyeupe kamili isiwepo popote.

Chora anga kwenye GIMP, upana 1920 na urefu 1080, kwa kifaa cha Gradient, na uhakikishe kisanduku cha Dithering kimewekwa alama. Kisanduku hicho kidogo kinaamua mengi. Rangi inayobadilika polepole hivyo haina hatua za kutosha za kujaza urefu wote, na bila Dithering utaona mistari mipana ya rangi, kama ngazi, hasa kwenye runinga za bei nafuu. Dithering huchanganya chembe kwenye mipaka ya mistari hiyo hadi jicho lisiione. Hifadhi kama anga.png.

Mwezi wa Nairobi

Vitabu vingi vya watoto vinaonyesha mwezi mwembamba uliosimama wima, pembe zikielekea kushoto au kulia. Huo ni mwezi wa watu wanaokaa mbali na ikweta. Nairobi iko karibu digrii moja na robo tu kusini mwa ikweta, na hapa mwezi mchanga unaoonekana magharibi baada ya magharibi hulala chali, pembe zikitazama juu, mara nyingine umeinama kidogo. Mtoto wa Umoja akiangalia nje ya dirisha ataona mwezi uliolala. Mchoree huo.

Chora duara la kipenyo cha pikseli 300 kwa rangi ya #FBF1D0. Juu yake weka duara jingine lenye ukubwa uleule, lisogeze juu kwa pikseli 70 hivi, na ulitumie kufunika sehemu ya juu ya la kwanza. Kinachobaki wazi ni mwezi uliolala. Lainisha kingo zake kidogo.

Sasa kuna jambo ambalo wachoraji wengi hulipuuza. Ile sehemu isiyong'aa ya mwezi ipo bado, ni tufe zima, na hakuna nyota inayoweza kuonekana mbele yake. Ukiacha uwazi kati ya pembe za mwezi, nyota zako zitapita ndani ya mwezi. Kwa hiyo ijaze sehemu hiyo ya duara la kwanza kwa rangi inayokaribia ya anga, nyepesi kidogo, kwa mfano #565883, na isipitishe kitu chochote cha nyuma. Weusi huo wa kijivu utauona hata mbinguni kwenye mwezi wa siku mbili tatu. Faida yake ni kwamba nyota zitaingia nyuma ya mwezi na kutokea upande wa pili. Mtoto wa miaka miwili anaujua mchezo wa kujificha, na huu unachezwa taratibu sana.

Kata turubai ibaki na mwezi peke yake, bila usuli, uihifadhi kwa jina la mwezi.png. Hautasogea. Najua kishawishi cha kuupandisha na kuushusha kama unaelea, lakini kitu kikubwa kikisogea pikseli chache kwa sekunde huonekana kikitetemeka badala ya kuelea, na jicho linahitaji angalau kitu kimoja kilichotulia.

Nyota

Tunahitaji matabaka mawili. La karibu lina nyota kubwa kidogo na linasogea pikseli moja kwa fremu. La mbali lina nyota ndogo na hafifu, na linasogea nusu ya hapo. Tofauti ya mwendo ndiyo inayoipa anga kina.

Fungua Krita, turubai ya 1920 kwa 1080 isiyo na usuli, kisha bonyeza W. Hiyo huwasha hali ambamo kitu unachokichora kikivuka ukingo wa kulia kinatokea ukingo wa kushoto. Bila hiyo, nyota yenye mng'ao mpana iliyo ukingoni itakatwa katikati, na utaona kama mstari wima ukipita kwenye anga kila nyota hiyo inapokuja. Weka nyota 25 hivi kwa brashi laini, kila moja kati ya pikseli 6 na 14, zikiwa mbali na ukingo wa juu na wa chini. Zihifadhi kama k1.png. Kwa tabaka la mbali fanya turubai ya upana 960 tu, urefu uleule, weka nyota kama 30 za pikseli 3 hadi 6, uihifadhi kama m1.png.

Upana wa 960 una sababu. Tabaka hili litasogea pikseli 960 tu katika sekunde 64, kwa hiyo ni lazima mchoro wake ujirudie kila baada ya pikseli 960. Hiyo ina maana kwamba nyota zilezile zinaonekana mara mbili kwenye skrini kwa wakati mmoja. Zikiwa zimetawanyika ovyo, hakuna atakayejua. Ukiweka umbo linalotambulika, utakuwa umejisema mwenyewe. Nimeona mtu akitaka kuiweka Kilimia pale, kile kishada cha nyota ambacho wakulima wa zamani walikiangalia ili kujua msimu wa kulima. Ni wazo zuri, lakini kishada hicho kitaonekana viwili sambamba, na kwenye tabaka la karibu kitakuwa saa ya ukutani inayopita kila dakika. Hivyohivyo kwa nyota moja iliyo kubwa kuliko nyingine zote. Acha zote zifanane.

Sasa fungua dirisha la amri kwenye folda yenye picha zako, uunganishe nakala za kila tabaka ziwe ndefu:

```
ffmpeg -i k1.png -i k1.png -filter_complex hstack karibu.png
ffmpeg -i m1.png -i m1.png -i m1.png -filter_complex hstack=inputs=3 mbali.png
```

Ya karibu sasa ina upana wa pikseli 3840, na ya mbali 2880. Zote mbili zinatosha kuteleza raundi nzima bila kuacha pengo upande wa kulia.

Kuzisogeza

Amri yenyewe ni hii. Kwenye Windows iandike yote kwenye mstari mmoja na uondoe zile alama za mkwaju mwishoni mwa mistari.

```
ffmpeg -framerate 30 -loop 1 -i anga.png \
 -framerate 30 -loop 1 -i mbali.png \
 -framerate 30 -loop 1 -i karibu.png \
 -framerate 30 -loop 1 -i mwezi.png \
 -filter_complex "[0][1]overlay=x='-n/2':format=rgb[a];[a][2]overlay=x='-n':format=rgb[b];[b][3]overlay=x=1240:y=150:format=rgb,format=yuv420p" \
 -frames:v 1920 -c:v libx264 -crf 16 -bf 0 -x264-params aq-mode=3 duara.mp4
```

Herufi n ni namba ya fremu, ikianzia sifuri. Kwenye fremu ya 0 tabaka la karibu liko mahali pake, kwenye fremu ya 1919 limesogea pikseli 1919 kushoto, na fremu ambayo ingefuata ingekuwa sawa kabisa na ya kwanza. Fremu hiyo haipo, na isiwepo. Ndiyo maana tumeandika 1920 na si 1921. Ukiiacha iingie, fremu mbili zinazofanana zitafuatana kwenye mshono na nyota zitasimama kwa kitambo kidogo sana. Ni kasoro ambayo mtu huiona bila kuweza kusema ameona nini.

Neno lingine la kuangaliwa ni format=rgb. Ukiliondoa, ffmpeg hufanya kazi hiyo kwa mpangilio wa rangi ambao unahifadhi taarifa ya rangi kwa pikseli mbili mbili, na mahali pa tabaka huwekwa kwenye namba shufwa tu. Nyota hazitasogea pikseli moja kila fremu, zitaruka mbili kila baada ya fremu mbili. Ukiona mwendo unadundadunda na hesabu zako ni sahihi, angalia hapo kwanza.

Ile aq-mode=3 inaelekeza ubora zaidi kwenye sehemu zenye giza, ambako mistari ya ngazi hupenda kurudi baada ya video kubanwa. Ikiwa bado unaiona, shusha crf hadi 14 na ukubali faili kubwa kidogo.

Kukagua mshono

Cheza duara.mp4 ikijirudia:

```
ffplay -loop 0 duara.mp4
```

Usiangalie ukijua mshono uko wapi. Mwite mtu mwingine, umwambie apige makofi akiona video imeanza upya, halafu wewe uangalie saa. Akipiga makofi karibu na sekunde ya 64, kuna tatizo. Akipiga ovyo au asipige kabisa, picha iko sawa. Sauti ikague kwa vipokea sauti vya masikioni, kitufe cha kurudia cha Audacity kikiwa kimewashwa juu ya duara.wav yote. Mlio mdogo wa "tak" kwenye mshono una maana kwamba ulikata nusu ya pili kwa sampuli isiyo sahihi. Kimya kifupi kina maana faili imepitia MP3 mahali fulani.

Faili ya nusu saa

Runinga nyingi zina kitufe cha kurudia faili, lakini zikifika mwisho huonyesha giza kwa sekunde kadhaa kabla ya kuanza tena, na jitihada yetu yote inapotea. Ndiyo maana tunatengeneza faili moja ndefu. Raundi 28 za sekunde 64 ni sekunde 1792, karibu dakika 30 kasoro sekunde nane.

Raundi ya mwisho inafifia. Pia kuna jambo ambalo utaligundua tu ukikaa kwenye chumba chenyewe: faili ikiisha, runinga hurudi kwenye orodha yake ya mafaili, ambayo kwa kawaida inang'aa kuliko kitu chochote tulichochora. Kwa hiyo tunaongeza dakika kumi za giza tupu baada ya kufifia, mlezi apate muda wa kuja kuzima.

```
ffmpeg -i duara.mp4 -vf "fade=t=out:st=0:d=64,tpad=stop_duration=600" \
 -c:v libx264 -crf 16 -bf 0 -x264-params aq-mode=3 mwisho.mp4
```

Sasa fungua faili tupu la maandishi uliite orodha.txt. Andika mstari wa kwanza huu mara 27, halafu wa pili mara moja:

```
file 'duara.mp4'
file 'mwisho.mp4'
```

Kisha unganisha pamoja na sauti:

```
ffmpeg -f concat -i orodha.txt -stream_loop 27 -i duara.wav \
 -c:v copy -af "afade=t=out:st=1728:d=64,apad" \
 -c:a aac -b:a 128k -t 2392 usingizi.mp4
```

Picha haibanwi upya hapa, inaunganishwa tu, kwa hiyo hata kompyuta dhaifu humaliza haraka. Namba 27 kwenye -stream_loop ni marudio ya ziada juu ya raundi ya kwanza, jumla 28. Sekunde 1728 ni pale raundi ya 28 inapoanza, na 2392 ni 1792 pamoja na zile 600 za giza. Ukibadilisha idadi ya raundi, badilisha namba zote hizo kwa pamoja.

Kabla ya kuipeleka Umoja, ijaribu kwenye runinga, si kwenye kompyuta pekee. Angalia mambo matatu: kama runinga inaifungua faili, kama mistari ya ngazi inaonekana angani, na kama mwezi haujakatwa ukingoni, kwa kuwa baadhi ya runinga hukata kidogo pande zote za picha. Nenda kwenye menyu ya picha uzime hali ya rangi kali zinazowekwa kwa ajili ya dukani, na upunguze mwanga wa skrini hadi utakapoweza kuitazama gizani bila kukunja uso. Runinga ikiwa na kipengele cha kulainisha mwendo, kizime pia, kwa sababu huzibunia nyota fremu za katikati na kuziacha na mikia zinapopita nyuma ya mwezi.

Kwa wachanga wa chini ya miaka miwili, nakili duara.wav mara 28 kwa njia hiyohiyo bila picha, ichezwe kwenye simu iliyofunikwa skrini yake, mbali na kitanda. Kwenye fleshi weka usingizi.mp4 peke yake. Baadhi ya runinga zikimaliza faili moja huingia kwenye linalofuata zenyewe, na huenda linalofuata ni la harusi ya mtu.